Ukungu wa asubuhi unameza nyumba ya mlimani: nataka vilima vibaki laini na nyumba isomeke (Blender)

MchoraPlani_Bkv · Jumatatu

Habari za asubuhi wandugu. Niko Bukavu, nachora plani na picha za nyumba kwa Blender. Kuna kazi moja imenishinda tangu wiki iliyopita. Familia moja inajenga upande wa Nguba, kwenye mteremko unaoangalia ziwa. Mama mwenye nyumba ameniomba picha moja tu: nyumba yao saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado chini. Maneno yake ni haya: "Nataka nione vilima vinafuatana nyuma, kimoja kikiwa chepesi kuliko kingine, lakini nyumba yangu niione."

Kamera nimeiweka juu ya mteremko, nyuma ya nyumba, ikitazama ziwani. Ukuta wa karibu uko mita 60, ukuta wa mwisho mita 72. Kilima cha kwanza mbele ya nyumba kiko kama mita 400. Milima ya ng'ambo, upande wa Rwanda, nimeiweka mita 2,500. Kuta ni nyeupe, mabati ni mekundu ya kukoza.

Nimeanza kwa kuweka `Principled Volume` kwenye `World`, `Density` 0.01. Picha yote ikawa giza, hata jua halikupita. Nikaiondoa, nikatengeneza boksi kubwa lililofunika mandhari yote, nikaweka 0.003. Mwanga ukarudi, lakini milima ya Rwanda ikafutika kabisa na kuta zikayeyuka ndani ya ukungu. Nikashuka 0.0015, milima ikaonekana kwa shida, ila kilima cha karibu kikawa kama hakina ukungu. Na ukungu wenyewe una rangi ya moshi wa makala. Nikipandisha napoteza nyumba, nikishusha napoteza asubuhi. Wenzangu mnafanyaje?

---

BabaMawe · Jumatatu

Kijana, ukungu ukigusa kuta nyeupe kwenye mteremko usichukulie mchezo. Mimi ni fundi wa mawe miaka mingi hapa Bukavu. Maji yanatoka juu ya kilima, si kwenye ukungu. Chimba mtaro upande wa juu wa nyumba, uujaze changarawe, maji yapite pembeni yasifike kwenye msingi. Na rangi ya ndani usipake kabla ukuta haujakauka vizuri, itabanduka yote msimu wa kwanza wa mvua.

---

MchoraPlani_Bkv · Jumatatu

Shikamoo Baba. Aksanti, hilo la mtaro nitamfikishia mwenye nyumba maana kweli sijauona kwenye plani. Ila hapa nauliza juu ya ukungu ndani ya picha, ule wa kuchorwa kwa kompyuta. Ukuta haujajengwa bado.

---

HarakaDizaini · Jumatatu

Kaka usijichoshe. Renda mara mbili: moja na ukungu, moja bila ukungu. Halafu toa nyumba kwenye ile isiyo na ukungu ukitumia `Cryptomatte`, uibandike juu ya ile yenye ukungu. Kingo zinatoka safi kabisa, pikseli kwa pikseli. Mwisho ongeza ukali kidogo kwenye GIMP. Mimi nafanya hivyo na wateja hawalalamiki.

---

YayaTabaka · Jumatatu jioni

Mdogo wangu, kabla ya kugusa `Density` tena, fanya jambo moja. Fungua picha uliyorenda kwenye dirisha la picha la Blender, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi ukishikilia, upitishe juu ya ukuta mweupe karibu na ukingo wake. Chini ya dirisha utaona namba za pikseli. Kisha hamia sentimita moja tu nje ya ukuta, kwenye ukungu ulio nyuma yake, usome tena. Tuletee namba hizo mbili, na za paa pia.

Nakuomba hivyo kwa sababu ukingo wa nyumba hauonekani kwa kuwa mkali. Unaonekana kwa kuwa upande mmoja wa mstari una uzito tofauti na upande wa pili. Ukuta mweupe mbele ya ukungu mweupe hauna ukingo hata ukiuchonga kwa wembe.

Haraka ana haki kwa `Cryptomatte`, inatoa barakoa safi, hata majani na nyaya hazichaniki. Lakini nyumba isiyo na chembe ya ukungu ndani ya asubuhi yenye ukungu inakuwa kibandiko. Jicho linajua mara moja, hata la mtu asiyejua kuchora.

---

MchoraPlani_Bkv · Jumatatu usiku

Yaya, nimepima kwenye ile ya 0.003. Ukuta: 0.58. Ukungu nyuma yake: 0.61. Paa: 0.14, na nyuma ya paa 0.60.

Sasa naelewa kwa nini nilikuwa naona paa linaelea hewani bila nyumba chini yake.

---

LenziYaKivu · Jumanne

Mimi si mtu wa Blender, napiga foto. Lakini asubuhi za hapa nazijua maana nimezisubiri mara nyingi juu ya paa la ndugu yangu pale Muhumba.

Ukungu wetu haujai kila mahali sawasawa kama maziwa ndani ya glasi. Usiku hewa baridi inateremka kutoka vilimani inajikusanya mabondeni na juu ya maji, na maji ya ziwa yana joto kuliko hiyo hewa. Kwa hiyo ukungu unalala chini: juu ya ziwa, kwenye ghuba, kati ya kilima na kilima. Mgongo wa kilima unatoka juu mkavu kabisa. Mara nyingi nyumba ya mteremkoni inasimama juu ya ukungu, au imezama hadi magotini. Jua likipanda unaanza kuchanika, na ikifika saa mbili au tatu kwa kawaida kwisha kazi. Kisha kuna utepe mwingine wa bluu, huo ni moshi wa makala na kuni kutoka vitongoji vya juu, unakaa umenyooka kama kamba.

Jambo la pili. Jua letu linatoka upande wa Rwanda. Wewe unasema kamera inatazama ziwani, basi jua liko mbele yako. Ukuta unaoutazama unapaswa kuwa kivulini saa kumi na mbili. Mbona wako una 0.58? Umeliweka jua wapi?

---

MchoraPlani_Bkv · Jumanne

Kaka Lenzi, umenishika. Jua nililiweka nyuma ya kamera ili kuta zing'ae, maana nilitaka nyumba ionekane vizuri. Nimelizungusha sasa hivi, liko mbele kidogo upande wa kushoto, nyuzi 8 juu ya upeo. Ukuta umeshuka hadi 0.27. Ukungu nyuma umepanda hadi 0.66. Sikugusa kitu kingine chochote na nyumba imetokea! Imekaa kama ya bluu kidogo, kama ninavyoiona kweli nikitoka asubuhi.

Lakini milima ya Rwanda bado haipo.

---

YayaTabaka · Jumanne usiku

Vizuri sana, na Lenzi amekupa pia jibu la sehemu ya pili: ukungu hauko sawa kila mahali. Wewe unatafuta namba moja ya `Density` itakayofaa mita 60, mita 400 na mita 2,500 kwa pamoja. Namba hiyo haipo. Angalia mwenyewe. Sehemu ya kitu inayobaki ikionekana baada ya kupita ukungu unaolingana ni hii:

```
e^(-Density × umbali)
```

Kwa 0.003, nyumba ya mita 60 inabaki 0.84, kilima cha mita 400 kinabaki 0.30, mlima wa mita 2,500 unabaki 0.0006, yaani hakuna kitu. Kwa 0.0015 nyumba ni 0.91, kilima 0.55, mlima 0.02. Jicho lisilozoea halioni 0.02.

Kuna njia ya kujua namba hizi zina maana gani nje ya kompyuta. Gawanya 3.9 kwa `Density`, unapata mita ambazo mlima mweusi unapotea machoni. Kwa 0.003 ni mita 1,300. Ile 0.01 yako ya kwanza ni mita 390, ukungu wa kuzuia ndege isitue. Watu wa hali ya hewa wanaita ukungu pale mtu asipoona kilomita moja. Mteja wako anataka kuona ng'ambo ya ziwa, basi hewa yake kwa jumla lazima iwe nyepesi kuliko hapo.

Mimi ningefanya hivi. Boksi kubwa libaki, lakini 0.0006 tu. Hilo ni pumzi ya asubuhi, si ukungu. Nyumba inabaki 0.96, kilima 0.79, mlima 0.22. Kisha ongeza ukungu wenyewe pale Lenzi anaposema unalala: benki moja kwenye bonde kati ya nyumba na kilima cha kwanza, nyingine juu ya ziwa.

Benki usiitengeneze kwa boksi. Boksi lina kichwa kilichonyooka na litakuchorea mstari wa rula katikati ya kilima. Chukua tufe la kawaida, libonyeze mpaka liwe kama mkate wa chapati nene: upana mita 300, kimo mita 25, na kina cha mita 80 kuelekea ziwani. Mwanga ukipita katikati ya tufe unakutana na ukungu wa mita 80. Ukipita karibu na ukingo unakutana na mita 10, mita 3, kisha sifuri. Ulaini unatoka kwenye umbo lenyewe, bila tekscha yoyote, na ukungu usio na tekscha unarendwa upesi zaidi.

Tufe la bondeni lipe 0.006. Katikati yake linaacha 0.62, ukizidisha kwa 0.79 ya hewa, kilima cha kwanza kinabaki 0.49. Tufe la ziwani lifanye refu, mita 500 kwa kina, ulipe 0.001. Linaacha 0.61, ukizidisha kwa 0.22 mlima wa Rwanda unabaki 0.13. Na kwa kuwa mlima unapita juu ya matufe yote mawili, kilele chake kitakuwa wazi kuliko miguu yake, kama ilivyo kweli.

Nyumba 0.96, kilima 0.49, mlima 0.13. Hayo ndiyo matabaka matatu ambayo mama yule anaweza kuyahesabu kwa kidole. Na tufe la bondeni likae nyuma ya ukuta wa mwisho, ulioko mita 72. Unene wake uanze mita 85 hivi. Ukungu mzito wote uwe nyuma ya nyumba, usiwe juu yake, ila acha ncha ya tufe iguse miguu ya nyumba upande wa chini.

Rangi ya moshi wa makala: `Principled Volume` inakuja na rangi ya kijivu, 0.5. Nusu ya mwanga inaliwa kila inapogonga. Ipandishe hadi 0.97. Kisha kwenye `Light Paths`, `Max Bounces`, `Volume` iko 0. Iweke 2, mwanga uzunguke kidogo ndani ya ukungu.

---

HarakaDizaini · Jumatano

Yaya heshima yako, lakini huu ni mlima wa kazi kwa picha moja. Na mwisho wake utaona kelele za chembechembe kila mahali.

---

MchoraPlani_Bkv · Alhamisi

Haraka ana haki kwenye chembechembe. Nimefuata yote ya Yaya. Picha ndogo ya majaribio, upana wa pikseli 960, imetoka na matabaka matatu kweli. Nimemwonyesha mdogo wangu bila kumwambia chochote, akasema "hii ni Nguba". Nilifurahi sana.

Lakini picha kubwa, pikseli 3,000, ilichukua saa tatu na dakika arobaini kwenye laptopu yangu ya GB 8, na kabla haijaisha kuran ilikatika. Betri haina nguvu. Nilirudia usiku, ikakatika tena. Nikipunguza `Samples` chembechembe zinajaa, nikiweka `Denoise` inazisafisha pamoja na nyaya za balkoni na kingo za mabati. Kuna njia ya maskini?

---

MwanafunziLushi · Alhamisi

Niko Lubumbashi, nasoma usanifu wa majengo mwaka wa tatu. Ukungu wa kweli siuwekagi kabisa. Narenda mandhari bila ukungu, halafu nachukua pasi ya umbali, `Z`, naitumia kwenye kompozita kuchanganya rangi ya ukungu. Dakika chache tu. Shida yangu ni kwamba kingo za paa zinatoka na meno meno kama msumeno, sijajua kwa nini. Labda hili linakusaidia, labda na mimi nisaidiwe.

---

YayaTabaka · Alhamisi usiku

Mwanafunzi, njia ni sahihi, pasi ndiyo siyo. `Z` kila pikseli ina umbali mmoja tu: ama wa paa ama wa mlima ulio nyuma. Ukingoni, pale pikseli inapopaswa kuwa nusu paa nusu mlima, `Z` inachagua upande mmoja, ndiyo meno hayo. Tumia `Mist`. Yenyewe inalainishwa kwenye kingo pamoja na picha, kwa hiyo pikseli ya nusu inapata ukungu wa nusu.

Iko kwenye `View Layer Properties`, `Passes`, `Data`. Ukishaiwasha, nenda `World Properties`, `Mist Pass`. Kuna `Start`, `Depth` na `Falloff`. Ukiiacha ilivyo inaanza mita 5 na kina ni mita 25, yaani nyumba yako yote itakuwa nyeupe.

Kwa kazi hii, Mchora: `Start` 75, mita tatu nyuma ya ukuta wa mwisho. `Depth` 2,500. Sasa `Falloff`, hapa ndipo wengi wanapoteza. `Quadratic`, ambayo ndiyo inakuja yenyewe, inachelewa mwanzoni: kilima cha mita 400 kinapata chini ya 0.02 ya ukungu, hakuna tabaka. `Linear` inakipa 0.13. `Inverse Quadratic` inapanda haraka mwanzoni kisha inatulia: mita 100 inapata 0.10, mita 400 inapata 0.36, mlima wa Rwanda 0.98. Unaona? Mita 25 tu nyuma ya mahali pa kuanzia, miti imeanza kupauka. Hicho ndicho kinachotenga nyumba na vichaka vilivyo nyuma yake.

Ile 0.98 ni nyingi mno, mlima utafutika. Zidisha pasi yote kwa 0.85 kabla ya kuchanganya: kilima kinabaki na 0.31 ya ukungu, mlima 0.84. Kwenye `Mix`, pasi iliyozidishwa inaingia kwenye `Factor`, picha juu, rangi ya ukungu chini. Rangi usichague nyeupe. Ichukue kwenye anga lako, pale linapokutana na milima upande wa jua. Anga lenyewe nalo litapakwa, kwa kuwa kwenye `Mist` anga ni 1, lakini kwako ni ukanda mwembamba juu ya picha, liache.

Na `Denoise` ifanye kabla ya kuchanganya ukungu. Picha isiyo na ukungu haina chembechembe nyingi, na ukiipa `Denoising Albedo` na `Denoising Normal` inajua ukingo wa bati uko wapi. Nyaya zako za balkoni zitabaki.

Mipaka yake nikuambie wazi. `Mist` inajua umbali peke yake. Haijui bonde wala mgongo wa kilima. Kilele cha mlima na miguu yake vitapata ukungu uleule. Kwa hiyo ukiwa na nguvu kidogo, bakiza tufe moja la kweli, lile la bondeni, na hewa yote iliyobaki iachie `Mist`.

---

LenziYaKivu · Ijumaa

Naomba nisaidie kwa kitu kimoja. Leo asubuhi nimepiga foto kutoka Muhumba nikitazama ng'ambo, nimeiweka hapa chini. Msiilinganishe kwa macho tu, ipimeni. Kwenye foto yangu kilima cha karibu ni cheusi, kina 0.18. Cha pili 0.39. Milima ya mwisho 0.57 na anga 0.64. Hatua ya mwisho ni ndogo kuliko ya kwanza. Nadhani 0.85 ya Yaya inaangukia hapohapo.

Pia angalieni paa la nyumba iliyo chini kushoto. Ukingo wake wa juu unakata kama kisu kwa sababu nyuma yake kuna ukungu. Ukingo wa upande, uliopo mbele ya miti, hauonekani kabisa. Nyumba ileile, lenzi ileile, dakika ileile.

---

RangiMaji · Ijumaa

Nimesoma uzi huu wote ingawa mimi nachora kwa rangi za maji. Hili la Lenzi ndilo ninalolifanya kwenye karatasi. Nalowesha karatasi yote kwa sifongo, naweka milima ya mbali ikiwa bado inang'aa kwa maji, rangi inasambaa yenyewe. Nasubiri mng'ao uondoke, ndipo kilima cha pili. Nyumba naichora karatasi ikiwa kavu kabisa, lakini sizungushi mstari pande zote. Mstari wa paa na kona moja ya ukuta, basi. Upande wa chini nagusa kwa brashi yenye maji matupu, ukuta unayeyukia kwenye majani. Mtu akiona paa na kona moja, nyumba yote anaijenga mwenyewe kichwani. Ukichora kingo zote sawa, nyumba inaganda.

---

HarakaDizaini · Ijumaa

Nakubali kwa karatasi. Lakini mteja analipia nyumba, anataka kuona hadi ngazi. Mimi bado nasema tumia `Cryptomatte` ya nyumba kupunguza ukungu juu yake. Si kuuondoa wote kama nilivyosema mwanzo. Nusu.

---

YayaTabaka · Ijumaa usiku

Nusu naikubali, Haraka, lakini kwa ukungu wa tufe tu, pale unapoficha ngazi. Kwa hewa ya jumla usiiguse, nyumba imepoteza 0.04 peke yake, hakuna cha kurudisha. Na barakoa ikifika kwenye msingi wa nyumba ipotezwe taratibu, la sivyo utaona nyumba imekatwa kwa mkasi kwenye nyasi. Mimi binafsi siifanyi. Nahamisha tufe.

Na ile ya kuongeza ukali kwenye GIMP mwishoni, hapana. Ukali unachora mstari mweupe kuzunguka paa, na kwenye ukungu mstari huo unaonekana kama waya wa taa.

---

HarakaDizaini · Ijumaa usiku

Kuhamisha tufe ni kurenda upya, Yaya. Barakoa narekebisha kwa dakika mbili mteja akiwa amekaa pembeni yangu. Kwa hilo sitabadilika. Ya ukali nimekuelewa, nimeiona kwenye kazi yangu ya zamani sasa hivi.

---

MchoraPlani_Bkv · Jumapili

Wandugu, nimerudi na picha. `Mist` kwa hewa, tufe moja bondeni, jua mbele kushoto. Dakika 52, na kuran ilivumilia. Vipimo: ukuta 0.28, nyuma yake 0.55. Paa 0.09, nyuma yake 0.57. Kilima cha kwanza 0.36, milima ya Rwanda 0.56, anga 0.63. Nimehifadhi kwa `OpenEXR MultiLayer` ili nikitaka kubadilisha ukungu nisirende upya, nibadilishe namba tu.

Nilimtumia mama kwa WhatsApp, akanijibu kwamba kuna mistari ya ngazi juu ya ziwa kama alama za maji yaliyokauka kwenye bati. Nikafungua kwenye simu yangu, kweli: ule ukungu laini umegawanyika vipande vipande. Kwenye kompyuta haupo. Nimeongeza punje kidogo sana za kelele juu ya picha nzima mwishoni, nikaituma kama dokumenti badala ya foto, mistari ikapotea. Ameipokea. Amesema mlima wa Rwanda anaujua, ni ule anaouona akifungua dirisha la mama yake.

Baba Mawe, mtaro nimeuingiza kwenye plani, mwenye nyumba anauliza upana.

Kitu kimoja bado. Kona ya kushoto ya ukuta iko mbele ya mikalitusi mitatu iliyo mita 78 tu, na `Mist` hapo inatoa 0.03. Ukuta wa kivuli 0.28 mbele ya miti ya 0.25. Kona imepotea. RangiMaji angesema niiache. Mama hajaiona. Mimi naiona kila nikiifungua.

---

YayaTabaka · Jumapili

Ile mikalitusi ipo kweli kwenye kiwanja, au uliipanda wewe?

---

MchoraPlani_Bkv · Jumapili

Ipo kweli. Mzee wa familia ndiye aliyeipanda, hawataikata.

---

BabaMawe · Jumapili

Mtaro upana wa sentimita 40, kina 60, na uwe na mwinuko wa kupeleka maji pembeni. Na hiyo mikalitusi iko mita sita tu kutoka ukutani? Mizizi yake inakwenda mbali. Niambie iko upande wa juu au wa chini wa nyumba kabla hamjachimba msingi.